Barua Rasmi ya Maelezo: Kwa Nini Katiba Imepangwa kwa Ibara na Vifungu

Barua rasmi nyingi ulizojifunza ni za kuomba: kuomba kazi, kuomba ruhusa, kuomba nafasi ya masomo. Barua tunayoishughulikia hapa ni ya maelezo. Mwandishi amekwisha kufanya kazi aliyopewa, na sasa anawaeleza waliomtuma alifanya nini, kwa sababu gani, na wapi alisimama akawaachia wao uamuzi. Mtahiniwa anayeijua sura ya barua lakini haijui kazi yenyewe huandika barua nzuri ya nje na tupu ya ndani. Kwa hiyo tutaanza na kazi, kisha ndipo tuandike barua.

Swali

Wewe ni katibu wa klabu ya mazingira katika shule ya sekondari iliyoko Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Klabu ina kitalu cha miche na kila muhula hufanya safari za mlimani. Katiba yake ilikuwa aya moja ndefu isiyo na namba. Mwezi Januari mwanachama mmoja wa kidato cha tatu aliondolewa kwenye orodha. Alikuwa amelipa ada, lakini kwa mihula miwili hakwenda safari hata moja kwa sababu kila Jumamosi hurudi Mgeta kuwasaidia wazazi bustanini. Wajumbe waligawanyika kuhusu katiba inasema nini. Kamati ikakuagiza uichape upya. Umeichapa kwa ibara na vifungu vyenye namba. Andika barua fupi, isiyozidi maneno 250, kuieleza kamati sababu za kuipanga upya.

Kabla ya kuandika, soma swali mara ya pili ukitafuta vitu vitatu. Kwanza, nani anamwandikia nani: katibu anaiandikia kamati, yaani watu anaofanya nao kazi na ambao ndio waliomtuma. Pili, kinachotakiwa: sababu, si historia ya klabu wala umuhimu wa misitu ya Uluguru. Tatu, kinachogombewa: kuna mwanafunzi ambaye uanachama wake unategemea sentensi moja. Barua isiyofika kwenye sentensi hiyo haijajibu swali, hata kama anwani zake zimekaa vizuri.

Katiba ya zamani ilivyokuwa

Tuchukue kipande hiki cha katiba ya zamani kama kilivyoandikwa:

"Mwanachama atalipa ada ya shilingi 2,000 kila mwaka na atahudhuria safari za klabu na asiyefanya hivyo kwa mihula miwili atakoma kuwa mwanachama isipokuwa kwa ruhusa ya kamati na fedha za klabu zitatunzwa na mweka hazina ambaye hatatoa fedha bila sahihi ya mwenyekiti na zinazozidi shilingi 20,000 zitaamuliwa na mkutano mkuu."

Hii ni sentensi moja. Ina ada, safari, kufukuzwa, utunzaji wa fedha na mipaka ya matumizi, vyote vikiwa vimefungwa kwa neno "na". Kisarufi haina kosa kubwa, na aliyeiandika bila shaka alijua alichokusudia. Tabu huanza watu wanapotaka kuitumia. Mjumbe mmoja akisema "katiba inakataza", mwingine huuliza "wapi?", na jibu linakuwa "ukurasa wa pili, kama mstari wa tisa hivi". Katiba ikichapwa tena kwa herufi kubwa zaidi, mstari wa tisa unakuwa wa kumi na mbili, na kumbukumbu za vikao vilivyopita zinaelekeza pasipo na kitu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya namba: ukichapa upya mara kumi, kwa karatasi ya ukubwa wowote, kifungu cha 5(3) kitabaki kuwa cha 5(3).

Katiba ya nchi inavyopangwa

Mfano ulio karibu nawe zaidi unao tayari kutoka somo la Uraia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina sura 10 na ibara 152. Sura hukusanya mambo ya namna moja. Ndani ya sura kuna ibara, ambayo namba yake haianzi upya kila sura bali huendelea tangu mwanzo wa Katiba hadi mwisho. Ndani ya ibara kuna ibara ndogo, zenye namba katika mabano, na ndani ya ibara ndogo kuna aya zenye herufi. Ukiambiwa tazama Ibara ya 39(1)(b), huhitaji kuuliza ukurasa. Unafika moja kwa moja kwenye sharti la umri wa miaka arobaini kwa anayetaka kuwa Rais.

Katika sheria zinazotungwa na Bunge, kinacholingana na ibara huitwa kifungu. Vyama na klabu nyingi huchanganya majina haya mawili kwa mpangilio wao: kipande kikubwa ni ibara, vilivyomo ndani yake ni vifungu. Swali letu limetumia mpangilio huo, nasi tutaufuata. Usianze na "ibara" kisha katikati ya barua uiite "kipengele" na mwishoni "sehemu". Msomaji atadhani ni vitu vitatu tofauti.

Sasa tazama jambo ambalo namba huliweka wazi kuliko aya ndefu. Ibara ya 39(1) inaorodhesha sifa za mgombea Urais, na mgombea lazima awe nazo zote. Ukikosa moja, umekosa. Ibara ya 5(2) nayo ina orodha: inataja sababu ambazo Bunge linaweza kuzitumia kutunga sheria ya kumzuia raia asipige kura, kwa mfano kuwa na uraia wa nchi nyingine au kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Hapo sababu yoyote moja inatosha. Orodha mbili zinafanana kwa umbo, (a), (b), (c), lakini moja inadai yote na nyingine inatosheka na lolote. Maneno yanayozifungua ndiyo yanayoamua. Weka tofauti hiyo akilini, kwa sababu kesi ya mwanafunzi wa Mgeta iko hapo hapo.

Kukata sentensi bila kuikata maana

Katibu asiye mwangalifu angeikata sentensi ya zamani hivi:

4(1) Mwanachama atalipa ada ya shilingi 2,000 kila mwaka.
4(2) Mwanachama atahudhuria safari za klabu.
4(3) Asiyefanya hivyo kwa mihula miwili atakoma kuwa mwanachama, isipokuwa kwa ruhusa ya kamati.

Inapendeza machoni. Lakini soma 4(3) kama mtu ambaye hakuiona katiba ya zamani. "Hivyo" ni vipi? Atapandisha jicho kwenye kifungu kilicho juu yake, ambacho ni 4(2), na kusema: asiyehudhuria safari. Katika sentensi ya zamani neno "hivyo" lilifuata ada na safari kwa pamoja. Baada ya kukatwa linaonekana kufuata safari peke yake. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini kanuni imebadilika: sasa asiyelipa ada haguswi kabisa, na mwanafunzi wa Mgeta amehukumiwa na mpiga chapa.

Njia salama ni kuyaweka majukumu yote mawili katika kifungu kimoja, kila moja na herufi yake:

IBARA YA 4: WAJIBU WA MWANACHAMA
4(1) Mwanachama
(a) atalipa ada ya shilingi 2,000 kila mwaka, na
(b) atahudhuria safari za klabu.
4(2) Asiyefanya hivyo kwa mihula miwili atakoma kuwa mwanachama, isipokuwa kwa ruhusa ya kamati.

IBARA YA 5: FEDHA ZA KLABU
5(1) Fedha za klabu zitatunzwa na mweka hazina.
5(2) Mweka hazina hatatoa fedha bila sahihi ya mwenyekiti.
5(3) Fedha zinazozidi shilingi 20,000 zitaamuliwa na mkutano mkuu.

Hapa "hivyo" ya 4(2) inarudi kwenye 4(1) nzima, kama ilivyokuwa. Angalia pia Ibara ya 5. Katika sentensi ya zamani "ambaye hatatoa" ilimtegemea mweka hazina aliyetajwa kabla, na "zinazozidi" ilizitegemea fedha. Kifungu kinachosimama peke yake hakiwezi kuanza na "ambaye". Kwa hiyo jina la mtendaji limerudiwa, na neno "fedha" limerudiwa. Hayo ni maneno yaliyoongezwa, lakini hayakuongeza kanuni. Katibu anapaswa kuyataja katika barua yake, kwani mjumbe atakayelinganisha nakala mbili atayaona na kuuliza.

Bado kuna fundo moja ambalo mpangilio hauwezi kulifungua. "Asiyefanya hivyo" ni nani: aliyekosa lolote kati ya (a) na (b), au aliyekosa yote mawili? Ikiwa ni lolote, mwanafunzi wa Mgeta ametoka, labda kamati impe ruhusa. Ikiwa ni yote mawili, bado ni mwanachama, maana ada amelipa. Aya ndefu ililificha swali hili kwa miaka, kila mtu akisoma alivyozoea. Namba zimelitoa hadharani. Hazikulijibu.

Katibu afanye nini? Kishawishi ni kuandika "Asiyetimiza lolote kati ya mambo ya 4(1)" na kumaliza kazi. Asifanye hivyo. Kuchagua kati ya "lolote" na "yote" ni kutunga kanuni, na kamati ilimtuma kuchapa. Hata serikali hushika mpaka huu. Sheria za Tanzania hukusanywa na kuchapwa upya kila baada ya kipindi chini ya Sheria ya Urekebu wa Sheria, Sura ya 4. Wanaofanya kazi hiyo wanaweza kupanga upya na kubadili namba, lakini hawaruhusiwi kubadili maudhui ya sheria. Atakaye kubadili maudhui aende bungeni. Kwa klabu yetu bunge ni mkutano mkuu.

Mfano wa barua

Sasa tunaweza kuandika. Majina ya shule na ya mwandishi yameachwa wazi. Katika mtihani tumia uliyopewa na swali.

Klabu ya Mazingira,
Shule ya Sekondari ………,
S.L.P. ………,
Morogoro.
14 Machi, 2025.

Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati,
Klabu ya Mazingira,
Shule ya Sekondari ………,
S.L.P. ………,
Morogoro.

Ndugu Wajumbe,

YAH: KUPANGWA UPYA KWA KATIBA YA KLABU KWA IBARA NA VIFUNGU

Katika kikao cha tarehe 21 Februari mliniagiza nichape upya katiba ya klabu. Nakala ninaiambatisha. Aya moja ya kurasa tatu sasa ni ibara 9 zenye vifungu.

Nimefanya hivyo kwa sababu mbili. Katika mjadala wa Januari kuhusu mwanachama aliyeondolewa, wajumbe walitaja kurasa na mistari tofauti wakizungumzia sentensi ile ile. Namba zitatuwezesha sote kutazama mahali pamoja, na kumbukumbu za vikao zitataja kifungu badala ya ukurasa. Pili, mambo ya uanachama na ya fedha yalikuwa katika sentensi moja. Sasa yako katika Ibara ya 4 na ya 5.

Sijabadili kanuni yoyote. Nimekata sentensi, nimeweka vichwa vya ibara, na nimerudia jina la mhusika pale ambapo kifungu kingekosa mtendaji. Jedwali lililoambatishwa linaonyesha kila sentensi ya zamani iko kifungu gani.

Jambo moja sikuliamua. Kifungu cha 4(2) kinasema "asiyefanya hivyo". Hakielezi kama ni aliyekosa ada au safari, au aliyekosa vyote viwili. Nimeyaacha maneno ya zamani yalivyo, kwa sababu kuyafafanua ni kurekebisha katiba, na hiyo ni kazi ya mkutano mkuu.

Naomba kamati ilinganishe nakala hizi mbili, na ilipeleke suala la kifungu cha 4(2) kwenye mkutano mkuu. Hadi hapo, katiba ya zamani ndiyo inayotumika, na ninashauri suala la mwanachama huyo lisubiri.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
………
Katibu wa Klabu

Nakala: Mwalimu Mlezi wa Klabu.

Uchambuzi wa barua

Hesabu maneno ya kiini, kuanzia "Katika kikao" hadi "lisubiri". Hayafiki 200, kwa hiyo hata ukiongeza anwani na hitimisho bado uko ndani ya kikomo. Barua imekaa hivyo kwa sababu kila aya ina kazi moja.

Aya ya kwanza inawakumbusha wajumbe kwamba wao ndio walioagiza, na inasema kilichobadilika kwa macho. Wengi huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Maneno hayo si kosa, ila yanachukua nafasi ya tarehe ya agizo, na tarehe hiyo ndiyo inayomlinda katibu. Mjumbe akiuliza "nani kakuruhusu kuigusa katiba?", jibu liko mstari wa kwanza.

Aya ya pili inatoa sababu, na kila sababu imefungwa kwenye tukio. Linganisha na sentensi hii, ambayo hupatikana sana katika majibu ya watahiniwa: "Nimepanga katiba kwa namba ili iwe rahisi kusomeka na kueleweka." Ni kweli, lakini inaweza kusemwa kuhusu katiba yoyote, hata kuhusu orodha ya vitu vya dukani. Kamati haiwezi kuipima. Sababu ya mjadala wa Januari wanaweza kuipima, kwa kuwa walikuwepo.

Aya ya tatu ndiyo inayobeba uzito wa uaminifu. Mtu anayesema tu "sijabadili kitu" anaomba aaminiwe. Katibu wetu anasema alichofanya, mambo matatu kwa majina yake, kisha anatoa jedwali ili wajumbe wamkague. Jedwali lenyewe ni rahisi: safu ya kushoto maneno ya mwanzo ya kila sentensi ya zamani, safu ya kulia namba mpya. Likikamilika, hukagua kazi kwa njia mbili. Sentensi ya zamani isiyo na namba upande wa kulia imesahaulika. Namba mpya isiyo na sentensi upande wa kushoto imezuliwa. Huhitaji kulichora katika mtihani, bali litaje kama kiambatisho.

Aya ya nne ndiyo moyo wa barua. Angalia kwamba katibu hasemi maoni yake kuhusu mwanafunzi wa Mgeta. Hasemi kwamba kuondolewa kwake ni uonevu, wala kwamba ni haki. Anaonyesha mahali ambapo maneno yanakubali tafsiri mbili, anaeleza kwa nini aliyaacha, na anataja chombo chenye mamlaka. Katika aya ya mwisho anashauri suala lisubiri. Ushauri huo ni halali kwa katibu, kwa sababu unafuata moja kwa moja kutoka kwenye shaka aliyoionyesha. Kama angeandika "naomba mwanachama huyo arudishwe", angekuwa ametumia barua ya uchapaji kama barua ya rufaa, na wajumbe wa upande wa pili wangeanza kuitilia shaka kazi yote.

Sentensi "katiba ya zamani ndiyo inayotumika" watahiniwa wengi huisahau. Bila hiyo klabu ina katiba mbili mezani, na kila upande utachukua inayoupendelea.

Kuhusu umbo, mambo machache tu. Anwani ya mwandishi huwa juu kulia, na tarehe chini yake. Anwani ya mwandikiwa huwa kushoto. Hapa anwani zinakaribia kufanana kwa kuwa wote ni wa shule moja, lakini usiziunganishe. "Ndugu Wajumbe" inafaa kwa kamati. "Mpendwa" ni ya barua ya kirafiki. Kichwa kiwe kifupi na kiseme jambo lenyewe: "YAH: KATIBA" hakitoshi, maana hakisemi kama katiba imepotea, imeibwa au imepangwa upya. Katika hitimisho, cheo huandikwa chini ya jina, kwa sababu katibu anaandika kwa cheo chake.

Swali la nyongeza ambalo linaweza kukukwamisha

Swali likikutaka uieleze kamati namna kifungu kipya kitakavyoingizwa baadaye, jibu usilitafute mbali. Tuseme mwakani mkutano mkuu unakubali ibara ya usalama wa safari: kwamba hakuna kikundi kitakachopanda kuelekea Bondwa au kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru bila mwalimu na bila kibali. Mahali pake panapofaa ni baada ya Ibara ya 4. Je, iwe Ibara ya 5, na fedha zisogezwe kuwa ya 6?

Ukizisogeza, kila kumbukumbu ya kikao iliyoandika "kwa mujibu wa Ibara ya 5(3)" inaanza kuelekeza kwenye safari badala ya fedha, na mweka hazina aliyeidhinishiwa matumizi mwaka jana atashindwa kuonyesha idhini hiyo ilitoka wapi. Katiba ya nchi ilikutana na hali hii mwaka 2000, zilipoingizwa ibara mpya kuhusu mamlaka ya mahakama na uhuru wake. Ibara za nyuma yake hazikusogezwa. Mpya zilipewa namba 107A na 107B, na ya 108 ikabaki 108. Klabu yetu ifanye vivyo hivyo: ibara ya usalama iwe 4A, na fedha zibaki Ibara ya 5. Kwa sababu hiyo hiyo, ibara ikifutwa namba yake haipewi ibara nyingine. Huachwa mahali pake na kuandikwa "imefutwa".

Zoezi

1. Kipande hiki kimetoka katika katiba ile ile ya zamani: "Safari ya mlimani itafanywa kwa idhini ya mlezi na itakuwa na kiongozi anayeijua njia au mwalimu na wanafunzi wasiopungua wanane na mvua ikinyesha kiongozi atairudisha safari." Kipange kuwa Ibara ya 6 yenye vifungu, bila kubadili kanuni. Kisha onyesha tafsiri mbili za maneno "kiongozi anayeijua njia au mwalimu na wanafunzi wasiopungua wanane". (Dokezo: jiulize kama wanafunzi wanane wanahitajika pia pale anapokuwepo kiongozi anayeijua njia.)

2. Soma tena vifungu vya 5(2) na 5(3). Mkutano mkuu ukiidhinisha shilingi 35,000 za kununua viriba vya kitalu, je, sahihi ya mwenyekiti bado inahitajika? Jibu kwa sentensi mbili, ukitaja namba ya kifungu katika kila sentensi.

3. Katibu mwingine aliandika katika barua yake: "Nimeipanga katiba kwa namba, pia nimerekebisha ada kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000 kwa sababu bei ya miche imepanda." Mwandikie barua fupi kwa niaba ya kamati, isiyozidi maneno 150, ukimweleza ni sehemu gani ya kazi yake kamati inaipokea, ni ipi inayoirudisha, na hiyo inayorudishwa aipeleke wapi.